Maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi: nilivyopata maana yake

Kila nilipozima gari langu lililotoka Japani, lilipiga mlio, pembetatu ya njano ikawaka na sentensi ya Kijapani ikatokea, kisha ikapotea. Fundi wa Ndeeba, hapa Kampala, aliunganisha mashine ya kusoma hitilafu, haikuonyesha kosa. Picha za simu nazo zilichelewa.

Kilichosaidia ni video. Niliegesha kivulini ili kioo kisimetemete, nikaanza kurekodi kabla ya kuzima, kisha nikaisimamisha video maandishi yalipotokea na kuyapitisha kwenye programu ya kutafsiri. キー ni ufunguo, 電池 ni betri: betri ya rimoti ilikuwa inaisha! Nikaifungua rimoti, nikasoma CR2032 kwenye betri kuukuu, nikanunua ileile. Isomeni namba hiyo kwanza. Betri ya CR1632 ina kipenyo cha milimita 16, si 20 kama CR2032, hivyo haikai.