Jinsi nilivyothibitisha cheti cha PIN cha muuzaji kabla ya kumlipa

Kazi yangu ni kutunza hesabu za nyumba ndogo ya wageni mjini Malindi, na kila muuzaji mpya anapoleta makadirio ya bei, mimi ndiye ninayefungua faili lake. Karatasi ya kwanza ninayomwomba ni cheti cha PIN, yaani hati ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) inayoonyesha nambari ya mlipakodi, jina lake, anwani yake na aina za kodi alizosajiliwa kuzilipa. Kwa muda mrefu nimewaona wenzangu katika kazi hii wakikipokea cheti hicho, wakakitoboa na kukiweka failini bila kukisoma, kana kwamba kuwapo kwake tu kumemaliza mambo. Nitaeleza jinsi nilivyokishughulikia cheti cha muuzaji mmoja wa vitanda na magodoro, kwa sababu katika kisa hicho nambari moja ilibadilisha hesabu nzima.

Makadirio yalikuwa ya shilingi 400,000 za bidhaa, na juu yake VAT ya asilimia 16, yaani shilingi 64,000, jumla shilingi 464,000. Nyumba yetu imesajiliwa kwa VAT, kwa hiyo zile 64,000 tungezidai katika ritani ya mwezi na gharama yetu halisi ingebaki 400,000. Hata hivyo, dai hilo husimama tu ikiwa muuzaji naye amesajiliwa kwa VAT na ametangaza mauzo hayo katika ritani yake. Mfumo wa KRA hulinganisha ununuzi wa mmoja na mauzo ya mwingine, na pale visipolingana, mnunuzi ndiye anayeandikiwa aeleze, na dai lake huweza kukataliwa.

Pamoja na makadirio hayo, kampuni ilituma cheti chake kwa barua pepe. Kilikuwa kimeandikwa jina la kampuni lenye neno «Limited» mwishoni, VAT ikiwa miongoni mwa kodi zilizoorodheshwa, na kimepigwa muhuri wa rangi ya samawati. Muhuri huo haukunivutia hata kidogo. Cheti cha PIN hutolewa na iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na chenyewe kinaeleza kwamba kimetengenezwa na mfumo na hakihitaji saini, hivyo mtu anayekipamba kwa muhuri wa duka lake hajaongeza uthibitisho wowote. Kilichonivutia ni herufi ya kwanza ya nambari.

PIN ya Kenya ina alama kumi na moja: herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi moja tena. Nambari ya mtu binafsi huanza kwa A, na ya kampuni, ubia au chama huanza kwa P. Mtu anayefanya biashara peke yake chini ya jina la biashara hutumia PIN yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna ubaya wowote duka kama hilo kuwa na nambari ya A. Kampuni yenye dhima ya kikomo, kwa upande mwingine, ni mlipakodi kamili mbali na wakurugenzi wake, na nambari yake huanza kwa P. Cheti nilichotumiwa kilikuwa na jina la kampuni juu ya nambari ya A, na mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja katika cheti halali.

Sikumpigia mtu simu kwanza. Nilifungua itax.kra.go.ke, na bila kuingia katika akaunti yoyote nikachagua PIN Checker kwenye ukurasa wa mbele. Huduma hiyo ni ya wazi kwa kila mtu: unaandika PIN, unajibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ili mfumo ujue kwamba wewe ni binadamu, kisha unabonyeza Consult. Katikati ya nambari hakuna herufi kabisa, kwa hiyo duara unaloliona hapo ni sifuri, si herufi O, na wengi wanaoambiwa na mfumo kwamba PIN haipo huwa wameteleza hapo tu. Mimi huandika nambari kwa mkono nikiitazama kwenye cheti, kwa kuwa kuinakili kutoka kwenye faili la PDF huongeza nafasi tupu ambazo hazionekani.

Jibu lilileta jina la mtu binafsi, si la kampuni. Hali ya PIN ilikuwa Active, na kwenye orodha ya wajibu wa kodi kulikuwa na kodi ya mapato ya mtu binafsi pekee. VAT haikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu alichukua cheti cha kweli akabadilisha jina na kuongeza mstari mmoja, jambo ambalo yeyote mwenye programu ya kuhariri PDF analiweza. Ndiyo maana mimi huichukulia karatasi kama kidokezo cha nambari ya kutafuta, na jibu la mfumo ndilo ushahidi.

Nilipompigia afisa wa mauzo, alijibu kwa upole mwingi: «Dada, cheti kina muhuri wetu kabisa, tatizo liko wapi?» Nikamwambia, «Kaka, muhuri ni wenu, lakini nambari ni ya mtu, na makadirio ni ya kampuni. Niletee PIN ya kampuni yenyewe.» Alisitasita, kisha akaeleza kwamba mwenye duka alianza kwa jina la biashara na baadaye akasajili kampuni, na kwamba «kijana wa ofisi» ndiye aliyetengeneza ile karatasi. Sikuona haja ya kubishana juu ya kijana huyo. Niliomba cheti cha kampuni na hati ya CR12, ambayo hutolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen na huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Niliiomba kwa sababu PIN Checker itakuambia nambari ni ya nani, lakini haiwezi kukuambia kama aliyeshika karatasi mbele yako ana idhini ya kuitumia. Nambari za PIN hupita mikononi mwa watu wengi, benki, kampuni za bima, mawakala wa magari, ofisi za ardhi, na kuijua nambari ya mtu hakumfanyi anayeijua kuwa ndiye mwenyewe.

Cheti cha pili kilikuwa na nambari ya P, na mfumo ulileta jina la kampuni herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye CR12. Mwenye ile PIN ya kwanza alikuwa miongoni mwa wakurugenzi, kwa hiyo maelezo ya afisa yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini orodha ya wajibu ilikuwa na kodi ya mapato ya kampuni tu. Kampuni ilikuwa hai na imesajiliwa kihalali, ila haikusajiliwa kwa VAT.

Hilo lenyewe si kosa. Sheria humlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT pale mauzo yake ya bidhaa na huduma zinazotozwa kodi hiyo yanapofikia shilingi milioni tano kwa mwaka, na kampuni changa inaweza kuwa chini ya hapo. Kosa ni kutoza VAT bila usajili. Shilingi 64,000 ambazo tungelipa zisingefika KRA kwa jina letu, na sisi tusingeweza kuzidai.

Inafaa pia kuzisoma tarehe zilizo kando ya kila wajibu, ya kuanza na ya kukoma. Mtu anaweza kukuletea cheti cha kweli kabisa kilichochapishwa alipokuwa amesajiliwa kwa VAT, na baadaye usajili huo ukafutwa. Cheti cha PIN hakina tarehe ya kuisha, bali kina tarehe ya kutolewa, na yaliyomo ni hali ya siku hiyo tu. Mimi huangalia kwanza kama tarehe ya kukoma imejazwa kwenye mstari wa VAT, kisha kama tarehe ya kuanza inatangulia tarehe ya ankara ninayotakiwa kuilipa.

Mkurugenzi wetu aliniuliza kama sasa tunaweza kuhesabu kwamba kampuni hiyo hulipa kodi zake vizuri. Nilimjibu kwamba nambari haisemi hivyo. PIN iliyo hai huonyesha kwamba mlipakodi yupo kwenye daftari la KRA kwa jina fulani na kwa aina fulani za kodi, basi. Anayetaka kujua kama mtu amewasilisha ritani na kulipa madeni yake huomba cheti kingine, kile kinachofahamika kwa kifupi kama TCC, ambacho hudumu kwa miezi kumi na miwili na huthibitishwa kwa TCC Checker kwenye ukurasa uleule wa iTax. Kwa ununuzi wa vitanda hatukuona sababu ya kukidai, ingawa katika zabuni za serikali huwezi kukwepa.

Makadirio mapya yalipokuja hayakuwa 400,000 kama nilivyotarajia. Kampuni iliandika 415,000 bila VAT, ikieleza kwamba yenyewe inanunua mbao na magodoro kwa bei yenye VAT isiyoweza kuidai. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa asiyesajiliwa hubeba kodi ya manunuzi yake kama gharama. Nilimwekea mkurugenzi hesabu wazi: muuzaji aliyesajiliwa kweli kwa bei ya 464,000 angetugharimu 400,000 baada ya dai, na huyu atatugharimu 415,000 kamili, bila chochote cha kudai. Alichagua kubaki naye kwa sababu vitanda vyake ni vya mbao ngumu, na tofauti ya 15,000 aliiona inastahimilika.

Sharti nililoliweka ni ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliki katika kukokotoa kodi ya mapato bila ankara ya aina hiyo, hata muuzaji asiposajiliwa kwa VAT. Ankara ilipofika, nilielekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa QR, ukurasa wa KRA ukafunguka, nami nikalinganisha vitu vinne: PIN ya muuzaji, PIN yetu, kiasi na tarehe. PIN yetu ilikuwa imekosewa tarakimu moja, nikairudisha ikarekebishwe, maana ankara yenye PIN ya mnunuzi mwingine hainisaidii mimi. Iliyorekebishwa ililingana, na malipo yakaenda kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni.

Failini nimeweka chapa ya jibu la PIN Checker yenye tarehe, mbele ya cheti chenyewe. Muuzaji huyo akileta ankara nyingine nitaitafuta nambari upya kabla ya kulipa, hasa akianza kuandika VAT tena, kwa kuwa huenda kufikia hapo atakuwa amesajiliwa kweli.