Sinki tatu, bafu moja la mita moja na ishirini

Sinki letu la zamani lilikuwa la mguu. Siku moja nilikuta maji sakafuni, nikapangusa. Kesho yake yapo tena. Yalikuwa yakitokea nyuma ya mguu, mahali ambapo hata mkono wa mtoto haupenyi.

Fundi bomba alipokuja aliinama, akamulika na tochi ya simu, akasema, "Mama, hapa lazima tutoe mguu." Tatizo ni kwamba aliyelifunga mwanzo aliukandika mguu kwa saruji nyeupe hadi ukashikana na marumaru. Tulipougongagonga ulipasuka. Ndani tukaona chanzo: wosha ya mpira kwenye sifoni, kile kikombe kinachobakiza maji ili harufu isipande, ilikuwa imekauka. Wosha tu, na sinki zima likaharibika.

Ndipo nikaanza kupima kabla ya kununua. Bafu letu lina upana wa sentimita 120 na mlango unafungukia ndani. Nilikata maboksi kwa vipimo vya kila sinki, nikayabandika ukutani kwa gundi ya karatasi, tukaishi nayo siku mbili. Nawasihi mfanye hivyo, kwa sababu dukani kila sinki linaonekana dogo.

Kwa nafasi, sinki la mguu lilishinda. Linatokeza sentimita 48 kutoka ukutani, lakini pembeni yake pako wazi kabisa. Ila sabuni na miswaki havina pa kukaa.

La bakuli, lile linalokaa juu ya kaunta, ndilo nililolitamani. Dada yangu analo. Lakini linahitaji kaunta pana, kwangu sentimita 48 kwa urefu wote, na boksi lake liligonga mlango. Kuna jambo jingine watu hulisahau: kimo. Bakuli lenye kimo cha sentimita 14 likiwekwa juu ya kaunta ya kawaida ya 85, mdomo wake unafika karibu mita moja, na mtoto hanawi bila kupanda kigoda. Kaunta yenyewe inabidi ishushwe hadi kama 70. Halafu usafi. Kwa dada yangu niliingiza kidole nyuma ya bakuli, kati yake na ukuta, kikatoka na utando mweusi wa sabuni na vumbi. Maji yake ni ya kisima, kwa hiyo duara lote ambapo bakuli linagusa kaunta limeota chumvi nyeupe, na hapo kitambaa hakizunguki vizuri. Ila nikiri, kwa mabomba hana shida: akifungua kabati chini anaona kila kitu.

Nikachukua la tatu, lile ambalo nyuma limezama kwenye kaunta na mbele limetokeza. Kaunta yangu ina sentimita 32 tu, na sinki linachungulia mbele kwa 14. Jumla ni 46, karibu sawa na la mguu, lakini mlango unapita bila kugusa kwa sababu pembeni kaunta ni nyembamba.

Kazi yake inataka uangalifu. Jiwe la granite likikatwa mbele kulipisha sinki, nyuma hubaki ukanda mwembamba sana, na fundi wa kwanza alitaka kulilaza kwenye kuta za kabati tu. Nilikataa. Tuliweka vyuma vya engo vilivyofungwa ukutani, kimoja kila upande wa tundu, ili uzito usiangukie ule ukanda. Kisha silikoni kuzunguka ukingo wote, ikaachwa siku nzima bila maji. Mstari huo wa silikoni ndio udhaifu wake: ukianza kuwa mweusi au kubanduka, maji huingia chini na kulainisha mbao. Ndiyo maana kabati nililitengeneza kwa alumini, na mgongo wake sikuuziba.

Kabla ya kumlipa fundi nilikausha kila kiungo, nikavifunga karatasi ya chooni, nikajaza sinki hadi juu, nikalifungulia maji yote kwa mpigo. Karatasi moja ililowa, ile ya chini ya tundu la sinki. Kiungo kinaweza kuwa kikavu maji yakitiririka kidogo kidogo, kisha kikavuja sinki likishuka lote. Akakaza upya, tukarudia, ikabaki kavu.

Mwezi uliopita maji yalianza kushuka polepole. Niliweka ndoo chini, nikafungua kikombe cha sifoni kwa mkono, nikatoa nywele na kipande cha sabuni, nikageuza wosha kuona kama imechakaa, nikarudisha. Chai niliyoiacha mezani ilikuwa bado ya moto.