Dakika mbili za kumuongelea besti yangu

Jumamosi besti yangu anaolewa, na mimi kwenye ratiba nina dakika mbili tu, emsii ameshaniambia nitaongea baada ya keki kabla ya chakula, yaani muda ule watu wana njaa na macho yako kwenye meza ya misosi. Basi wiki hii nzima nikitoka kazini naandika, nasoma kwa sauti huku nimewasha saa ya simu, nakata, nasoma tena. Ukiisoma kimyakimya inaisha haraka mno, hiyo isikudanganye, ukumbini unaongea polepole ili maiki isikumeze na watu wakicheka lazima usubiri. Kwa mwendo huo dakika mbili zangu zinabeba maneno kama 150 hivi, basi.

Kwa hiyo vitu vingi nimevitoa. Kushukuru kamati nimemwachia mwenyekiti, ni kazi yake. Majina ya wakubwa wa meza kuu yamekwisha kwa "itifaki imezingatiwa". Kuna stori moja ya ndoo ya maji tulipokuwa tunapanga chumba Malimbe, tukiikumbuka sisi wawili tunacheka mpaka machozi, ila ukumbi mzima ungehitaji maelezo kwanza ndo uelewe, nikaifuta kwa uchungu kweli. Na mambo ya wapenzi wa zamani hayaingii kabisa, wakwe zake wanatoka Magu na watakuwa mbele pale, kitu chochote ambacho mama mkwe anaweza kuja kumuuliza akiwa nyumbani kwake hakina nafasi kwenye maiki.

Nikabakiwa na kimoja, kichwa cha sato. Huku kwetu ziwani kila mtu anajua kichwa ndo samaki mwenyewe, huhitaji kumwelezea mtu, mzee wa Magu anaelewa na mtoto wa Kirumba anaelewa. Halafu kinamsifia besti na kumsifia shemeji kwa pamoja, hakuna anayebaki amedhalilika. Imekaa hivi:

"Wazazi wetu, wageni wetu, itifaki imezingatiwa. Wazee wetu wa Magu, mwadila!

Mimi nimeishi na bi harusi chumba kimoja. Alikuwa ananigawia kila kitu, nguo, vocha, hata godoro. Kitu kimoja tu hakuwahi kunipa: kichwa cha sato. Nikiumwa, mkia. Nikifaulu mtihani, mkia. Siku ya bethdei yangu akaninunulia sato mkubwa kutoka Mwaloni, nikasema leo ndo leo. Nikapewa mkia.

Halafu siku moja akaja kijana mmoja kutusalimia. Mpole, kakaa pembeni ya jiko, anasubiri ugali. Besti yangu akapakua, akakitoa kile kichwa, kizima, na mchuzi wake, akakiweka kwenye sahani ya mgeni. Mimi nikanyanyuka nikaenda kunawa mikono, kwa sababu nilishajua hapa tuna harusi.

Shemeji, wewe siku ile ulikigawa kile kichwa katikati, ukampa nusu. Niliona. Ndo maana leo nimekuja na amani. Endeleeni hivyohivyo, kila siku, mkiwa nacho na mkiwa hamna.

Naomba wote tusimame. Nyanyua glasi yako, ya soda au ya maji. Kwa maharusi wetu!"

Ile mikia mitatu lazima isemwe kwa sauti ileile bila kuharakisha, ya kwanza watu wanatabasamu, ya tatu ndo inawaangusha. Nimemsomea dada wa dukani hapa Nyegezi ambaye besti hajawahi kumuona maisha yake, kacheka palepale nilipotaka. Ila sehemu ya "niliona" nilikuwa naipita mbio kisa naogopa kulia, akaniambia hapo simama, muangalie shemeji kwanza ndo uendelee. Kweli, nikisimama hapo hata mimi naisikia vingine. Na kile cha "tusimame" kinatangulia glasi, maana ukisema glasi kwanza nusu ya ukumbi wanakunywa wamekaa na nusu wanatafuta viatu chini ya meza.

Nimeiandika kwa mkono kwenye kadi ngumu, herufi kubwa, mistari michache. Simu nitaiacha kwenye pochi, sitaki kuhangaika na skrini iliyojizima huku watu wananisubiri.

Jana nikampigia mama yake besti, yuko Nansio, kumuomba ruhusa, maana ni mwanae na nilitaka asikie yeye kabla ya watu wengine. Amenisikiliza yote, kacheka sana, kisha akasema, "Mwanangu, mbona umesahau macho? Hata macho ya samaki alikuwa hampi mtu, hata mimi niliyemzaa." Nimeiongeza.