Burda kabla ya futari

Miaka yote niliyoishi Birmingham, kaswida za Ramadhani nilizisikiliza kwenye simu. Mfungo wa 2016 uliangukia Juni, jua likawa linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Watoto wameshalala, wakubwa wamechoka, tunafuturu mmoja mmoja. Kaswida ya kupokezana inataka watu.

Sasa nimerudi Unguja. Huku magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ikikaribia nyumba nzima iko barazani. Nyumbani kwetu tunasoma Burda, ile kaswida ya Imamu Busiri wa Misri. Ina faslu kumi, nasi tunasoma faslu moja kila jioni, kwa hiyo mwezi ukiwa wa siku thelathini tunaikhitimisha mara tatu. Faslu ya tatu, ya kumsifu Mtume, ndiyo ndefu kuliko zote, na siku yake tunaanza mapema. Mimi naipenda zaidi faslu ya sita, inayoisifu Kurani, maana Kurani ilishushwa mwezi huu.

Mmoja anasoma ubeti, waliobaki wanaitikia kwa kumsalia Mtume. Watoto wadogo wanashika kiitikio tu, na siku chache zinatosha. Kazi iko kwa anayeongoza. Koo la aliyefunga ni kavu na hana maji ya kulilainisha, kwa hiyo lazima aanze chini, chini kuliko anavyodhani. Sauti za watu hupanda zenyewe kadiri kaswida inavyokolea. Akianza juu, kufika katikati wanaume wanakohoa na watoto wamenyamaza. Shangazi husikiliza kiitikio: kikianza kukonda, humwambia, "Teremka mwanangu, wenzako hawakufikii."

Dufu tunalo moja, na hupigwa taratibu. Ramadhani ikikutana na masika, ngozi hunywa unyevu na kulegea. Ukilipiga linatoa mlio mzito uliokufa. Mjomba hulipasha juu ya jiko la makaa, akilizungusha na kuligonga kwa kidole mpaka mlio uwe mkavu. Halisogezwi karibu sana na moto, ngozi itapasuka. Nyumba ya jirani hawatumii dufu kabisa, wanasoma kwa sauti tupu, na kwa kweli jioni zenye mvua kisomo chao hutulia kuliko chetu.

Jambo moja nalishikilia: dakika kumi za mwisho kaswida inakoma, hata kama faslu haijaisha. Dua ya aliyefunga wakati wa kufuturu hairudishwi, na kila mtu ana lake la kuomba. Beti zilizobaki tunazimaliza baada ya kuswali, tende na uji wa pilipili manga vikishapita kooni. Hapo ndipo mpwa wangu wa kike huongoza. Jana alianzia chini vizuri, na leo nimemwomba atuongoze faslu ya nne tangu mwanzo.