Nilivyorudisha zawadi ya laki saba bila kutafuta laki saba

Ushauri nilioupata kuhusu jambo hili ulinikera mno, ndiyo maana nimeamua kuandika. Kila niliyemuuliza alinirudisha palepale: kitu cha laki saba hujibiwa kwa kitu cha laki saba, ukishindwa kopa. Shangazi yangu alisema hivyo, wanawake wa kikoba chetu wakasema hivyo, hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba akachangia hoja.

Habari yenyewe ni hii. Nilipojifungua mapacha, shoga yangu wa tangu sekondari aliniletea mashine ya kufulia. Si ile ya kisasa ya kubonyeza kitufe, ni ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Alijua huku kwetu Mbagala maji hutoka kwa zamu, na mashine ya namna hiyo unaijaza kwa ndoo hata bomba likiwa kavu. Bei niliijua baadaye nilipopita madukani Kariakoo: laki saba na ushee. Yeye ana kazi nzuri, mimi nauza vitafunwa na mume wangu ni fundi rangi. Mwaka uliofuata na yeye akapata ujauzito wake wa kwanza. Hapo ndipo watu walianza kuniuliza nitampelekea nini.

Nawaambia wazi, wanaosema zawadi hulipwa kwa bei yake wanachanganya zawadi na mchango. Mchango wa harusi Dar una kadi, una kiwango, una kamati, na jina lako linaandikwa daftarini. Ukichangiwa laki moja na mtu, zamu yake ikifika unatoa laki moja, na usipotoa ana haki ya kununa. Mchango ni makubaliano. Lakini mashine ile haikuandikwa popote. Shoga yangu aliniona nikifua nepi za watoto wawili kwa mikono, mgongo hauna nguvu, akaleta mashine. Aliyempa mwenzake kitu kwa sababu ameona shida yake hakumkopesha.

Mtaani kwetu kuna mama aliyewahi kupewa sofa na rafiki yake. Rafiki alipomwoza binti, yule mama akachukua mkopo wa kikoba akanunua kabati la vyombo la bei ileile. Riba ikaja, faini za kuchelewesha rejesho zikaja, na kila akimwona rafiki yake anakumbuka deni. Akaanza kumkwepa, simu zake akawa hapokei. Rafiki mwenyewe hakuwahi kudai chochote na mpaka leo hajui kosa lake ni lipi. Kabati lipo, urafiki haupo.

Kwa hiyo sikwenda dukani. Nilikaa nikamfikiria yeye alivyo. Anaishi Ilala, ghorofa ya nne, nyumba ya vyumba viwili, kibaraza chembamba kinachotosha kamba moja ya nguo. Mashine hana pa kuiweka. Na tarehe yake ya kujifungua iliangukia Aprili, masika yenyewe. Aliyewahi kulea kichanga Dar wakati wa masika anajua maana yake: mvua kuanzia asubuhi, hewa nzito, nguo zinakaa kambani mpaka zinatoa harufu, na mtoto anachafua mpya kila saa. Nikasema basi. Zawadi yake ninayo tayari ndani, kaniletea mwenyewe. Mashine yake itamfulia mwanawe.

Nilimwambia kabla hajajifungua, na hili nasisitiza, maana mzazi mwenye usingizi wa saa mbili hawezi kupanga jambo jipya. Nilimwambia, "Shoga, mimi sikuletei kitu cha dukani. Nguo za mtoto na kanga zako mpaka arobaini ni juu yangu." Nilitaja arobaini makusudi. Zawadi ya kazi isiyo na mwisho inageuka utumwa, na anayepewa naye anaanza kuona haya kwa sababu hajui aseme lini inatosha. Ikiwa na mwisho unaojulikana, anaipokea kwa raha.

Alicheka, akakubali. Aliyekataa ni mama mkwe wake.

Mama huyo alikuja kumkalia mzazi, na nilipofika kuchukua mzigo wa kwanza akaniambia kwa upole kabisa kwamba nguo za kichanga hazitoki nyumbani kwenda kwa watu. Mahali pengine ningebishana. Pale nilimwamkia, nikavua viatu, nikakaa naye mkekani. Nikamuuliza yeye wanawe aliwafulia vipi. Akanieleza kirefu, na nikajifunza. Kisha nikamwomba beseni, nikafulia palepale mbele yake, kwa mikono, ili aone. Choo cha kwanza cha mtoto, kile cheusi kinachonata kama lami, nilikikwangua kwanza kwa kijiko kilichochakaa, nikaloweka kwa maji baridi, ndipo sabuni. Kanga zenye damu nazo maji baridi tu, kwa sababu maji ya moto huikaza damu kwenye uzi na haitoki tena. Nikasuuza mara mbili mpaka maji yakawa hayana povu, maana sabuni ikibaki kwenye nepi ngozi ya kichanga inawasha. Mama akawa ananitazama tu. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, hizi zilizobaki nenda nazo, lakini zisilale nje usiku." Nikamwahidi, na ahadi ile niliitunza, tena ilikuwa na faida yake kama nitakavyoeleza.

Baada ya hapo mambo yalienda. Tulitumia mabegi mawili ya shangazi kaja, moja linakuja na nguo chafu, jingine linarudi na safi. Bodaboda mmoja wa mtaani kwetu ninayemwamini ndiye alikuwa anapita. Zilizolowa ziliwekwa peke yake ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo begi zima linaharibika njiani.

Kwenye mashine si kutumbukiza tu. Nepi zenye choo lazima zioshwe kwanza kwa mkono, vinginevyo unazungushia uchafu kwenye nguo zote. Nguo za mtoto nilizifua peke yake, kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, nimeikwangua kwenye maji mpaka ikayeyuka. Thamani kubwa ya mashine hii masika si kufua, ni lile pipa la kukamulia. Nguo ikitoka humo haidondoshi tone, na inakauka chini ya feni sebuleni hata kama nje kunanyesha siku nzima. Umeme haukunitisha, kwa sababu mashine hii haina kipasha maji, inazungusha tu. Kilichokuwa kinamaliza uniti za LUKU ni pasi.

Na pasi hairukwi. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa iliyoanikwa kivulini, na mayai yale yakikutana na ngozi yanaangua funza anayeingia mwilini na kufanya jipu. Kwa mtu mzima ni karaha, kwa kichanga ni mateso. Joto la pasi linayaua. Lakini upige pande zote mbili, na ukae kwenye pindo, mishono na mpira wa kiunoni, maana huko ndiko unyevu hubaki. Ndiyo sababu ile ahadi ya kutolaza nguo nje niliipenda. Jua likitoka kidogo nilikuwa nazianika juani wazi, na yale madoa ya njano ya choo cha mtoto anayenyonya yalififia bila dawa yoyote.

Sasa sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote, na hakuna aliyenionya. Wiki ya pili simu ikalia: shoga yangu kanitumia elfu hamsini, kaandika "ya sabuni na usumbufu". Hapa wengi huharibu. Ukizipokea, kuanzia siku hiyo wewe ni dobi na yeye ni mteja, na ile zawadi imekufa. Ukizirudisha kwa hasira, unamuumiza mtu mwenye nia njema. Nilimpigia. Nikamwambia, "Shoga, mashine ulipoileta nilikulipa usafiri?" Akanyamaza. Nikamwambia hela ile nimemnunulia mtoto pampasi za kulalia, zinakuja na begi, na kuanzia sasa bodaboda ya kuleta atalipa yeye, ya kurudisha nitalipa mimi. Akakubali haraka, nikasikia na sauti imelegea. Nadhani alihitaji kuwa na sehemu yake ndogo, ili asijione amebebwa mgongoni.

Nilijua zawadi imemfika alipoanza kuagiza bila kuomba radhi. Mwanzoni kila begi lilikuja na ujumbe mrefu wa samahani. Baadaye begi likaja na karatasi ndogo: shuka la mtoto lenye tembo atalilalia leo jioni, naomba liwahi. Mtu anayehesabu deni haandiki hivyo.

Siku ya arobaini watu walijaa pale ghorofani. Zawadi zikapokelewa na majina yakatajwa: vigari, mabeseni, bahasha. Mimi nilimpelekea doti moja ya kanga, nikampa chumbani kabla wageni hawajafika, na jina langu halikusomwa. Nilikuwa nimemwomba lisisomwe. Zawadi ya kazi ukiiweka kwenye foleni moja na makabati, watu wataitafutia bei, na shangazi zangu wako wengi.

Nikipiga hesabu za harakaharaka, sabuni, umeme, bodaboda na ile kanga havikufika laki moja na nusu, tena vimetoka kidogo kidogo kwenye hela ya vitafunwa bila kuonekana. Lakini nitaje na mpaka wake: njia hii inamfaa mtu mwenye muda na nguvu za kutoa. Ungekuwa umeajiriwa unatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, usiahidi kufua. Tafuta kingine unachokiweza kila wiki bila kushindwa, kwa sababu kazi ukiiahidi mzazi ukaikatisha katikati inauma kuliko kutokumpa kitu.

Shoga yangu alirudi kazini siku zake 84 za likizo ya uzazi zilipoisha. Idi iliyofuata akaniletea wanangu nguo za sikukuu, za bei, nilizitambua. Nikamwambia asante, nikawavalisha. Sikumtafutia kitu siku hiyo wala wiki hiyo. Shangazi aliniuliza nitamjibu nini, nikamwambia nitaangalia atakapohitaji.