Nilivyoupata wimbo uliobandikwa jina la mtu asiyeuimba

Niliuliza jinsi ya kupata jina la wimbo unaosikika kwenye video ya TikTok. Kwa wale wote mlionijibu "si ubonyeze tu kile kisahani kinachozunguka?": nilikibonyeza. Kila mtu anakibonyeza. Kinakupeleka kwenye ukurasa wa sauti, na pale juu pameandikwa `original sound` na jina la akaunti ya mtu. Basi. Jina la mwimbaji hakuna, la wimbo hakuna. Na mimi mteja wangu wa harusi hapa Mombasa alikuwa anataka wimbo wenyewe mzima, si zile sekunde ishirini za TikTok.

Kinachowapoteza wengi ni hayo maneno mawili. TikTok huyabandika yenyewe pale mtu anapopandisha video yenye sauti yake ndani, bila kuchagua wimbo kutoka maktaba yao. Jina linalofuata ni la aliyepandisha. Akirekodi kuku wake, sauti ni "yake". Akichukua taarabu ya kaseti ya babu yake, sauti pia ni "yake". Na mwingine akiipakua video hiyo na kuipandisha upya, inazaliwa sauti nyingine yenye jina la huyo wa pili. Kwa hiyo nilimwandikia mwenye jina nikijua huenda hajui lolote, na nikaendelea na kazi bila kumngoja.

Video yake ilikuwa na kibandiko cha ua kwenye kona ya juu kushoto. Ua pale la nini? Nembo ya TikTok, ile inayokuja na video iliyopakuliwa ikiwa na jina la akaunti chini yake, haikai mahali pamoja, huruka kutoka kona hadi kona. Aliyeficha kona moja amesahau nyingine. Nikaivuta video taratibu hadi nusu ya pili, na huko chini kulia jina la akaunti nyingine likatokea limekatwa herufi mbili za mwisho. Nikapiga skrinshoti, nikaitia Google Lens nione picha hiyo imetokea wapi tena, nikapata nakala mbili za akaunti tofauti. Moja ilikuwa ya huyu wa jina lililokatwa.

Sasa ipi ilitangulia? Zote zilionyesha tarehe ileile. Hapa naomba nijisifu kidogo. Ukifungua kiungo kamili cha video ya TikTok, baada ya neno `video/` kuna namba ndefu ya tarakimu kumi na tisa. Namba hiyo imebeba saa ya kupandishwa ndani yake. Ukizikata biti 32 za mwisho, kinachobaki ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970, kwa saa za UTC. Kwenye Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, ni mistari miwili tu. Mfano, kwa namba ya kubuni ya bilioni bilioni saba:

```
echo $((7000000000000000000 >> 32))
date -u -d @1629814505
```

Mstari wa kwanza unatoa 1629814505, wa pili unakwambia ni tarehe 24 Agosti 2021, saa nane na dakika kadhaa mchana UTC, yaani saa kumi na moja jioni kwetu. Kile kiungo kifupi mnachotumiana WhatsApp hakina namba hii. Kifungue kwanza kwenye kivinjari, kitatanuka. Zangu zilipishana kwa saa chache, na wa jina lililokatwa ndiye aliyetangulia. Nikaichukua sauti ya nakala yake kwa sababu ilikuwa safi zaidi. Kila video ikipakuliwa na kupandishwa upya, sauti inazidi kukwaruza.

Nikaisikilizisha Shazam, ikanyamaza. Nikadhani nimejua kwa nini: wimbo ulikuwa umeharakishwa. Mwimbaji alisikika kama mtoto wa chekechea na vigelegele vya nyuma vilikuwa kama ndege. Shazam inatambua rekodi kwa mpangilio wa vilele vya sauti, na ukizipandisha noti zote, vilele vinahama. Uchezaji huu umeenea mno. Mwisho wa mwaka 2022 watu walicheza dansi ya tamthilia ya Wednesday kwa "Bloody Mary" ya Lady Gaga, wimbo wa 2011, ulioharakishwa, hadi wengine wakaamini ndio uliopigwa kwenye tamthilia. Kumbe kwenye tamthilia ulipigwa "Goo Goo Muck" wa The Cramps.

Kijana mmoja mjuaji akaniambia, "Bro, weka kasi 0.75 kwenye pleya, kisha ushazamie." Tulishinda jioni nzima na ushauri huo. Mwimbaji akawa mtoto wa chekechea anayesema polepole, na Shazam kimya. Pleya za siku hizi hupunguza mwendo lakini hulinda kimo cha sauti, maana zimetengenezwa kwa watu wanaosikiliza mihadhara. Kinachotakiwa ni vyote viwili vishuke pamoja, kama kaseti inayoishiwa betri. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tafuta `Change Speed and Pitch`. Mimi nilitumia ffmpeg:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vn -af "aresample=44100,asetrate=35280,aresample=44100" polepole.wav
```

Hiyo 35280 ni asilimia 80 ya 44100. Nilitengeneza pia ya asilimia 90 na ya 85, nikamchezea Shangazi zote tatu bila kumwambia ipi ni ipi. Mbili za kwanza alikunja uso. Ya tatu, ile ya asilimia 80, akasema, "Haya, huyu sasa ni mtu." Kisha akatulia, akaanza kuimba ubeti unaofuata, ambao kwenye klipu haumo.

Hata kwa kasi sahihi Shazam haikuitambua rekodi hiyo, pengine kwa kuwa ilikuwa ya kaseti. Shangazi alimtaja mwimbaji, ila jina la wimbo alinipa mawili, kwa kuwa watu huuita kwa mstari wanaoupenda. (Mimi silitaji hata moja hapa mpaka video ya harusi itoke. Nimelipia kwa bando na macho.) Nikatafuta YouTube kwa jina la mwimbaji na maneno machache ya ubeti wa Shangazi ndani ya alama za kunukuu, nikapata rekodi nne za wimbo uleule, za kumbi tofauti.

Kutambua wimbo ni jambo moja, kutambua rekodi ni lingine. Kwenye klipu fidla inateleza noti moja mara tu baada ya neno "moyo", halafu mtu anakohoa. Rekodi tatu hazikuwa na kikohozi. Ya nne, ndefu ya kama dakika tisa, ilikuwa nacho, katikati kabisa, ndiyo maana aliyesikiliza mwanzo tu asingeutambua. Nikapima kutoka "moyo" hadi vigelegele: kwenye klipu sekunde 15, huku karibu 19. Gawanya, unapata kama 1.25, na ukiirudisha hiyo unapata ileile asilimia 80 niliyotumia.

Siku ya pili yake mwenye jina akanijibu, yule wa ua: "Hata mimi niliutoa kwa status ya mtu. Ukiupata naomba unitumie."