Hamsini kila wiki

Jimu yetu ni uwa wa nyumba uliozungushiwa mabati. Ina benchi mbili, rafu ya dambeli, na vyuma vingine vimechomelewa kwa fundi wa mtaani. Kijana mmoja wa hapo, tuliyezoea kupishana naye kwenye benchi, alinisubiri leo mpaka nimalize seti yangu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za deni: "Kaka, hivi wewe unatumia unga gani wa protini?"

Nikamuuliza anasukuma kilo ngapi kifuani. Hamsini. Mwezi uliopita? Hamsini. Mwaka jana mfungo ulipoisha? Akacheka. "Hamsini, seti tatu, kumi kumi. Sikosi Jumanne wala Ijumaa, kaka, muulize yeyote."

Na kweli hakosi. Ndiyo maana nimekaa kuandika usiku huu, kwa sababu watu wa aina yake ni wengi kuliko wavivu, na hakuna anayewaambia shida iko wapi. Wanaambiwa wale mayai.

Nilimwambia apige seti zake kama kawaida, ila kwenye ya tatu asiishie kumi. Aendelee hadi aone rudio linalofuata halipandi, nami nisimame kichwani kwake nikiwa tayari kushika chuma. (Jambo hili usilifanye peke yako kwenye benchi isiyo na vizuizi vya pembeni. Chuma kikikulalia kifuani au shingoni hakuna mzaha.) Kumi ikapita, kumi na mbili ikapita, akaanza kukunja uso kwenye kumi na nne. Alifika kumi na sita.

Yaani kila Jumanne na kila Ijumaa amekuwa akiweka chuma chini huku akiwa na marudio sita mfukoni, tena kwenye seti ya mwisho, akiwa ameshachoka. Siku alipoanza hamsini, rudio la kumi lilikuwa vita. Mwili ukajibu ile vita. Kwanza mishipa ya fahamu ikajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja, ndiyo sababu wiki za mwanzo mtu hupata nguvu haraka hata kabla shati halijabana, kisha msuli wenyewe ukaongezeka. Baada ya hapo hamsini ikawa kazi ambayo mwili unaiweza kwa raha, na kazi unayoiweza kwa raha haina inachodai. Ni kama sugu ya kiganja cha mkulima: inakua nene kiasi cha kutosha kwa jembe lile, halafu inatulia, hata alime miaka kumi.

Kwa hiyo mzigo lazima uongezwe kadiri uwezo unavyoongezeka, hatua kwa hatua. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliligeuza wazo hilo kuwa utaratibu wa hospitali miaka ya 1940 huko Chicago, akiwatibu askari walioumia magoti. Desturi ya wakati ule ilikuwa uzito mwepesi, marudio mengi. Yeye aliwapa uzito mkubwa, na kila wiki akapima upya kilo nyingi kabisa ambazo mgonjwa anaweza kuinua mara kumi. Kufikia 1948, yeye na mwenzake Watkins walikuwa wamebakiza seti tatu tu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ule, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Ninachokipenda kwake ni kule kupima kila wiki. Mgonjwa hakuruhusiwa kubaki na uzito wa wiki iliyopita kwa mazoea tu.

Basi nikamwambia aongeze. Hapo ndipo mashauri mengi hukomea, na ndipo ugumu wenyewe unapoanzia, kwa sababu katika jimu kama yetu pleti ndogo kabisa ni ya kilo mbili na nusu. Ukiweka moja kila upande umeongeza kilo tano papo hapo. Kwa mtu wa hamsini hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mzigo. Hakuna mwili unaoongeza nguvu kiasi hicho kila wiki, wiki nenda wiki rudi. Ndiyo maana wengi hujaribu mara mbili tatu, wakashindwa kumaliza kumi, wakarudi hamsini wakiamini hicho ndicho kipimo chao.

Njia ninayoiamini ni kuongeza marudio kwanza, kilo baadaye. Unajiwekea ngazi, tuseme kuanzia marudio sita hadi kumi. Unachagua uzito unaokupa sita au saba za kweli, ukibakiwa na rudio moja au mawili ambayo ungeweza kuyafanya. Kila siku ya zoezi unajaribu kuongeza rudio moja popote, kwenye seti yoyote. Seti zote tatu zikifika kumi, unaongeza kilo tano na kushuka tena chini ya ngazi. Huko kushuka ni sehemu ya hesabu, wala si kurudi nyuma.

Hesabu yenyewe ni hii. Kocha Boyd Epley, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nebraska, ana kanuni ya kukadiria uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara moja tu:

```
uzito × (1 + marudio ÷ 30)
```

Kilo 60 mara kumi inatoa 80. Kilo 65 mara saba inatoa 80 na kidogo. Maana yake mtu aliyemaliza kumi kwa sitini na mtu anayepata saba kwa sitini na tano wana nguvu ileile. Kilo tano zimekula marudio matatu. Ngazi ya sita hadi kumi ina nafasi ya kulimeza pengo hilo. Ngazi ya nane hadi kumi haina, na ukiitumia utadhani umekwama ilhali ngazi ndiyo fupi.

Kijana wangu tulimpima kwa hamsini na tano, zikaisha kumi kumi bila makelele, kwa hiyo Ijumaa ataanza sitini. Nimemwandikia kwenye daftari jinsi mambo yanavyoweza kwenda: 7, 6, 6 siku ya kwanza, jumla 19. Kisha 7, 7, 6. Kisha 8, 7, 6. Seti ya kwanza hutangulia, za nyuma huifuata kwa kuvutana, na kuna siku jumla itabaki palepale bila sababu ya maana. Kutoka 19 hadi 30 kwa kwenda mara mbili kwa wiki, miezi miwili ni mwendo mzuri tu kwa mtu ambaye hakuongeza chochote kwa mwaka mzima. Nilimwambia aangalie ile jumla, asiangalie seti moja moja, maana seti moja ina hila zake.

Hila hizo nimeziona sana. Wiki hii mtu ana jumla ya 21, wiki ijayo 25, na uso umejaa furaha. Ukimtazama, chuma kinadunda kifuani kama mpira, makalio yameinuka kwenye benchi, na rudio la mwisho limeishia nusu ya njia. Amebadilisha zoezi, hajaongeza nguvu. Mapumziko nayo ni vilevile: aliyepumzika dakika moja wiki iliyopita akapumzika dakika nne wiki hii atapata marudio zaidi hata kama msuli haujabadilika. Kwa hiyo kwenye daftari, pembeni ya namba, tumeandika masharti: chuma kiguse kifua na kutulia kidogo, makalio yasiinuke, dakika tatu kati ya seti. Namba isiyotimiza masharti haiandikwi.

Jambo jingine la kwetu ni vyuma vya kuchomelea. Pleti mbili zilizoandikwa 10 kwa rangi nyeupe si lazima ziwe kumi. Tulishazipeleka zile za pale kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, na tofauti kati ya moja na nyingine ilitosha kuharibu hesabu yote hiyo. Zilizolingana tukazitia alama. Kama huwezi kupima, basi tumia pleti zilezile kila siku, upande uleule. Namba ya kweli hutaijua, lakini utajua kama umepanda.

Kwenye mabega alinishika kidogo. Ana zoezi la kuinua dambeli pembeni, kilo tano kila mkono, mara kumi na mbili, nalo limeganda vilevile. Dambeli inayofuata kwenye rafu ni ya saba na nusu. Hiyo ni nusu ya mzigo wote imeongezwa kwa mara moja! Kwa kanuni ileile, kilo tano mara kumi na mbili inatoa 7, yaani ile ya saba na nusu hawezi kuiinua hata mara moja kwa ufasaha. Atairusha kwa mgongo. Hapo ngazi inabidi iwe ndefu mno. Akifika ishirini na tano kwa ile ya kilo tano, kanuni inatoa 9 na kidogo, na kwa saba na nusu hiyo ni kama marudio sita. Kanuni huyumba marudio yakiwa mengi hivyo, kwa hiyo sishiki sita kama ahadi, lakini inatosha kuonyesha kwa nini kila akijaribu anashindwa. Msuli hukua hata kwa marudio ishirini na kitu, mradi ya mwisho yawe magumu kweli. Kinachochosha ni pumzi na uvumilivu. Anayetaka mkato afunge mfuko mdogo wa mchanga kwenye dambeli, robo kilo au nusu. Mimi ningefanya hivyo.

Ataganda tena, na hilo nimemwambia mapema. Jumla ikisimama mara tatu mfululizo kwenye zoezi moja huku mengine yanapanda, aangalie zoezi lile: mapumziko, mpangilio wa siku, pengine analifanya mwisho akiwa amechoka. Mazoezi yote yakishuka kwa pamoja, huo ni uchovu. Usingizi au chakula havitoshi, na wiki moja ya kupunguza seti kutoka tatu hadi mbili kwa uzito uleule mara nyingi huonyesha nguvu ilikuwa imejificha wapi. Na kadiri miaka inavyokwenda hatua zitapungua. Anayeanza huweza kuongeza kila siku ya zoezi. Mimi siku hizi rudio moja kwa wiki tatu nalihesabu.

Kuhusu unga nilimjibu kuwa ni chakula tu, kama maharage na dagaa, na kama mlo wake una protini ya kutosha hautamwongezea mengi. Hakuridhika sana. Ila daftari amelichukua, la kurasa thelathini na mbili, na ukurasa wa kwanza umeshaandikwa Ijumaa, 60.